Nilivyomwomba Mume Wangu Tuongee, Soko Zima Likisikia

Mimi kwa kununa siwezekani. Mume wangu, Baba Wandera, alipocheka ugali wangu mbele ya kaka yake, nilifunga mdomo. Siku zikapita. Nilimwekea chakula mezani kama mgeni, naye akala bila neno. Mwanzoni niliona nashinda. Kumbe nilikuwa nimekonda, na yeye alikuwa anakohoa mlangoni apate tu kuulizwa kama ni mgonjwa.

Asubuhi moja, kwenye kibanda changu cha mitumba pale Busia, niliamua kumaliza. Bila kulaumu, bila kukumbusha ya zamani. Nikageukia marobota ya nguo nikajizoeza kusema:

“Baba Wandera, uliponicheka niliumia. Lakini huku kunyamaza kunaniumiza zaidi, na najua wewe pia. Njoo tunywe chai. Si lazima tumalize yote leo.”

Haikunitoka vizuri. Nikarudia kwa sauti, nikaongeza, “Nimekukosa, hata kama tunalala kitanda kimoja.”

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi hicho nilikijua.

Nikageuka. Baba Wandera alikuwa amesimama na mfuko wa nguo begani, na wateja wamejaa nyuma yake, wakisikiliza.

“Nilikuja kuaga,” akasema. “Nimepata kazi Tororo, huko Uganda. Nilidhani hunitaki tena.” Akatua mfuko chini. “Pole kwa kile kicheko. Hiyo chai iko wapi?”

Wanawake wa soko wakapiga vigelegele. Uso uliniwaka, lakini sikuinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyeanza kuongea.