Arobaini wa Ijumaa

Kutoka Tanga hadi Ujiji nilitembea miezi mitatu na msafara, kisha mtumbwi ukanipeleka kaskazini hadi Rumonge. Kwa kuwa nilisoma shule ya Wadachi, nikapewa ukarani kwenye kazi ya kufyeka vichaka vya pwani ya ziwa, makao ya mbung'o wanaoleta malale.

Wafyekaji kumi walikuwa Waislamu, wenye nyumba na wake pale mjini. Nyapara wao, mmoja wa hao kumi, Mmanyema wa makamo, alinijia.

"Karani, tuandikie barua kwa Bwana Mganga. Mjini wengine wako thelathini. Bila sisi kumi hakuna Ijumaa."

Kwa madhehebu yetu, Ijumaa haisimami bila wanaume arobaini wakazi. Nikaandika: siku hiyo waanze alfajiri, waondoke saa sita, warudi saa nane, wamalize kipande kilekile cha kazi ya siku kabla ya jua kuzama.

Bwana Mganga, Mdachi aliyesimamia kazi, alikubali kwa wema wake: waende watano wiki hii, watano wiki ijayo, kazi isilale.

Ijumaa ile mwalimu wa msikiti alituhesabu mara mbili. Thelathini na watano. Mimi mpita njia sikuhesabiwa. Tukasali adhuhuri, tukatawanyika.

Nikaandika tena, nikieleza hesabu. Bwana Mganga alicheka. "Mungu wenu anahesabu watu kuliko mimi! Haya, wote kumi. Lakini kipande kikibaki, ruhusa imekwisha."

Hakikubaki hata mara moja. Siku za Ijumaa walifyeka jioni kwenye midomo ya vijito, wakijipiga migongo kwa matawi kufukuza mbung'o.

Baada ya miezi nyapara akaanza kusinzia katika hotuba.

"Mzee, umeoa mke mpya nini?" wakamtania.

"Wivu tu," alijibu, macho ameyafumba.

Bwana Mganga alimpapasa shingo, akakuta tezi zimevimba. Akapelekwa kambi ya wagonjwa. Mkewe alimfuata na mkeka, akarudi na mkeka. Sijui mbung'o gani alimuuma, wala wa saa ngapi. Barua ya ruhusa niliiandika mimi.

Tukabaki thelathini na tisa. Mwalimu akanishika mkono mlangoni.

"Mwanangu, wewe iko mukazi hapa ao mupita njia?"

Wote walinitazama.

"Mkazi," nilisema. Akanihesabu wa arobaini.

Nilikaa hivyo Ijumaa kumi na moja. Kila asubuhi nilijipapasa shingo. Usiku nilizitamani njia, hata zile zilizonichubua miguu. Alhamisi moja mtumbwi wa wauza mawese ulikuwa unakwenda Ujiji. Nilichukua kalamu na kanzu, nikapanda. Mjane wa nyapara, akifua ufukweni, aliuliza ninarudi lini.

"Kesho, kabla ya saa sita," nilisema.