Saa za Kapembwa

Ile asubuhi ya Jumamosi mashine ya kujumlisha ilikuwa Ndola kwa fundi, na Mukuka, karani wa saa, alikuwa peke yake na penseli. Ofisi yake ilikuwa hatua chache tu kutoka mdomo wa shimo la mgodi. Shimo lile lilivuta hewa mchana kutwa. Mlango ukiachwa wazi, karatasi zililala zote upande mmoja, zikielekea shimoni. Wachimbaji walikuwa na usemi wao: dakika zinazopotea juu, shimo linaziokota chini. Mukuka hakupenda kuusikia usemi huo. Hata kuketi na mgongo upande ule hakupenda.

Alikuwa na kadi ya Kapembwa, mwendesha lifti ya mgodi, yule anayeshika mkono wa chuma na kuteremsha watu kilindini. Sheria ya mgodi ilikuwa moja: mwendesha lifti aliyepita saa arobaini kwa juma hashiki tena mkono ule mpaka Jumatatu. Mwenzake alikuwa mgonjwa. Nje, mdomoni mwa shimo, kulikuwa na watu waliotakiwa kushushwa saa hiyo hiyo.

Mnyapara Chisanga aliingia bila hodi, na Kapembwa nyuma yake, macho mekundu kama pilipili. Usiku wa jana na wa juzi alikesha msibani kwa shemeji yake.

"Mukuka, andika ruhusa. Nimeshajumlisha mwenyewe," alisema Chisanga, akabwaga karatasi. "Thelathini na tisa na ishirini. Hajafika arobaini."

Mukuka aliitazama. 7.50, 8.45, 7.40, 8.35, 7.50. Nukta katikati, kama bei dukani.

"Ba Chisanga, hizi umezijumlisha kama kwacha na ngwee!"

"Sasa? Shilingi na peni zimekwisha, ndugu yangu. Siku hizi kila kitu ni mia. Wewe bado uko na Mwingereza?"

"Ngwee ni mia. Dakika je? Dakika ni sitini, tangu babu yako hajazaliwa!"

"Loo! Karani amekuwa mwalimu wa shule. Andika bwana, watu wanangoja."

Mukuka aliinamia karatasi, akaanza safu ya dakika, akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa na marehemu Ba Kafula, karani wa kwanza wa ofisi ile. "Hamsini na arobaini na tano, tisini na tano. Toa sitini, chukua moja, imebaki thelathini na tano."

*Chukua moja*, ilisema sauti nyingine, taratibu, upande wa shimo.

Alinyanyua kichwa. Chisanga alikuwa anawasha sigara. Kapembwa amesimama tu. Jasho lilimtoka Mukuka mgongoni, na ubaridi ule wa shimo ulikuwa pale pale. Aliogopa, tena sana. Aliendelea kwa kuwa kunyamaza kulimtisha zaidi.

"Na arobaini, sabini na tano. Toa sitini, chukua ya pili, imebaki kumi na tano. Na thelathini na tano, hamsini. Na hamsini, mia. Toa sitini, chukua ya tatu, imebaki arobaini."

*Ya tatu*, ilisema ile sauti.

"Saa zenyewe ni thelathini na saba. Ongeza tatu. Arobaini na dakika arobaini. Amepita. Siandiki."

"Dakika arobaini tu!" Chisanga aliruka. "Utasimamisha shimo zima kwa muda wa kupika ubwali? Kapembwa, mwambie huyu. Umechoka wewe?"

"Niko sawa, bwana mkubwa," alisema Kapembwa, kisha akamgeukia Mukuka, akimwita kwa jina la mwanawe. "Bashi-Chola, niandikie tu. Nina deni la msiba."

"Keti kwanza, baba, tuzungumze," alisema Mukuka.

Kapembwa aliketi kwenye benchi. Chisanga aliendelea kufoka: ataripoti kwa meneja, Mukuka atarudishwa kijijini akalime mihogo. Alifoka mpaka akaona Mukuka hamsikilizi, anamtazama Kapembwa.

Kapembwa alikuwa na macho wazi, lakini hayupo. Mkono wake wa kulia ulishika hewa, ukasukuma mbele polepole, kama anavyofanya kila siku akishusha watu. Midomo ilitaja ngazi za shimo, ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kapembwa," Chisanga aliita.

Ya tano. Ya sita. Sita ndiyo ya mwisho. Chini yake ni maji na mwamba. Hapo mkono hurudishwa nyuma.

Mkono haukurudi. "Ya saba," alisema Kapembwa kwa upole, akausukuma mpaka mwisho. "Ya nane."

"Kapembwa! Simamisha!" Chisanga alipiga yowe, akamrukia na kuuvuta ule mkono mtupu kwa mikono yake yote miwili.