Akiba Aliyoizika Kwenye Duara

Nilikuwa mpishi wa mkandarasi mmoja mgodini Bulyanhulu, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Siku waliponiambia mkataba hauendelei, nilirudi nyumbani bila hofu, maana mimi na mume wangu tulikuwa na akiba ya dharura kwenye simu yake.

"Hela niliiweka kwenye duara la rafiki yangu," alisema nilipomwomba tuitoe. "Dhahabu ikitoka tungepata mara tatu."

Duara, shimo la wachimbaji wadogo, lilikuwa limejaa maji wiki nzima na yeye hakuwa ameniambia. Nilimfokea hadi sauti ikanikauka.

"Hiyo ilikuwa hela ya unga, Baba! Nani alikutuma kuichezea kamari?"

Nilikaa miezi mitano bila kazi, tukauza mbuzi wote wawili. Nilipopata mkataba mwingine, sikumuuliza maoni yake. Nilijumlisha kodi, chakula, dawa na ada za shule, nikapata laki tatu kwa mwezi. Kwa kuwa nilikosa kazi miezi mitano, nilipanga akiba ya miezi sita.

"Milioni moja na laki nane? Utafika lini?" aliuliza.

"Polepole, kila mshahara."

Hela ya mwezi mmoja naiweka kwenye simu yangu, kwa dharura ya ghafla. Nyingine iko benki, akaunti ya akiba isiyo na kadi, kwa jina langu peke yangu. Nimefikisha akiba ya miezi minne. Namba ya siri ya simu mume wangu haijui, na hasira bado ninayo.