Picha ya Mahafali na Miguu ya Kuazima

Barua yenyewe niliiandika kwenye karatasi ya daftari, nimekaa kitandani Mkomaindo katika chumba nilichopanga, mguu nimeuegemeza juu ya ndoo. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini barua naijua. Niliandika: "Kwa mwenye studio. Mimi ni yule mhitimu wa ushonaji, mama mnene mwenye magongo. Naomba katika picha yangu mnitolee plasta ya mguuni na magongo yote mawili, nionekane nimesimama kama wenzangu. Nitashukuru." Nikampa mwanafunzi mwenzangu aipeleke, maana kutoka kwangu hadi studio, kwa magongo, ni safari ya kutoka jasho mpaka kwenye kope.

Sioni haya kusema niliiandika. Mume wangu alikufa akaniachia watoto na cherehani bovu. Nikajiandikisha chuo nikiwa na mvi, nakaa darasa moja na wasichana ninaoweza kuwazaa. Siku ya joho niliingoja kuliko siku ya ndoa. Halafu ilipofika nikaiingia kwa magongo, mguu mweupe umejitokeza chini ya joho kama muhogo uliomenywa. Picha moja nzuri ya kuning'iniza pale ninaposhonea, hiyo ndiyo niliyotaka.

Aliyenivunja mguu namtaja. Ni mpwa wa marehemu mume wangu, mtoto wa wifi yangu. Kwetu upande wa Mnyambe mali ya mwanamume huwa wapwa zake wanaiangalia kwa jicho refu, na mikorosho ya mume wangu waliitaka hata matanga hayajaisha. Mimi niliipalilia miaka yote, mimi niliipulizia dawa, mikono yangu ndiyo iliyobabuka kwa mafuta ya korosho. Siku ile nilitoka chuoni nikapanda Newala, nikaenda shamba kuokota. Akaja na pikipiki, amempakia rafiki yake.

"Weka ndoo chini," akasema.

"Niweke chini kwani ulipanda wewe?"

Akazungusha, akarudi nyuma, nikadhani anaondoka. Akaja nayo moja kwa moja. Mfupa juu kidogo ya kifundo ulilia nikausikia. Rafiki yake alisema, "Kaka, umeua," wakaondoka na ndoo yangu ya korosho.

Wa pili kumtaja ni mzee mwenye ukoo, kaka mkubwa wa marehemu. Alinikuta kijijini nimelazwa kwenye benchi, nangoja gari la kunipeleka polisi na hospitali, akainama sikioni. "Shemeji, usimtie mtoto ndani. Polisi sema pikipiki hukuitambua. Ukipona tutakaa kikao, mikorosho itabaki kwako na watoto, neno langu hilo." Niliwaza wanangu. Polisi nikasema sikuitambua. Wakaniandikia fomu ya matibabu, hospitali ya Ndanda wakanipiga eksirei, wakanifunga plasta kutoka vidoleni mpaka chini ya goti.

Sasa studio. Walipoipata barua wakaniita. Yule anayetengeneza picha kwenye kompyuta akanionyesha kwa kidole.

"Mama, plasta naifuta, sawa. Lakini chini yake hakuna mguu, kuna plasta tu. Mguu nautoa wapi? Na magongo nikiyatoa, mabega yako yamepanda juu na mikono imekamata hewa. Utaonekana kama kuku anayetaka kuruka."

Tukacheka. Nikamwuliza kwa hiyo inashindikana?

"Haishindikani. Nakata kichwa chako naweka kwenye mwili wa mwenzako wa siku ileile. Majoho ni ya chuo, yanafanana, jua ni lilelile. Nitafutie mtu wa rangi yako, akubali."

Alikubali mama mmoja wa darasa la mapishi, tulikuwa tunalingana. "Chukua tu miguu, dada," akaniambia, "ila usiende nayo mbali." Picha ikatoka. Ukiitazama huoni mshono. Nimesimama wima, cheti mkononi, chini viatu vyeusi vya kisigino kirefu ambavyo tangu nizaliwe sijavivaa. Niliitazama mpaka nikalia.

Wifi yangu alikuja kunipongeza. Huyu ni wa tatu. Alileta kuku, akaniita msomi, akapiga vigelegele peke yake mle chumbani. "Wifi, nipe na mimi moja nikaweke sebuleni, ukoo uone." Nilikuwa nimesafisha mbili. Nikampa ya pili kwa mikono miwili.

Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umeunga upande, na mpaka leo natembea kama ninayekanyaga shimo. Nikapanda Newala kwenye kikao nilichoahidiwa. Walikaa uani kwa mzee. Nikasalimia, shikamooni, wakaitikia. Nikasema nimekuja kwa lile neno la mikorosho, na aliyenigonga yuko hapa.

Mpwa akasema, "Mimi? Mama huyu aliteguka kwenye mizizi, rafiki yangu shahidi. Alifunga plasta kututisha." Akamtazama mama yake. Wifi akatoa picha kwenye mfuko wa kitenge. Ilikuwa imeshawekwa fremu.

Ikazunguka mkono kwa mkono. Mzee akaivutia karibu na macho. "Mahafali yalikuwa baada ya huko kugongwa?"

"Baada," nikasema. "Lakini hiyo miguu si yangu."

Uani pakapasuka kicheko. "Sasa shemeji, umeazima miguu?" akauliza mmoja.

"Ndiyo. Niliomba studio wanitolee plasta. Niliwaandikia barua. Huo mwili ni wa mwenzangu."

"Na kisigino kirefu hiki!" akasema mwingine. "Mwenye mguu uliovunjika!"

Nikatoa eksirei kwenye bahasha, nikaiinua juani, ule ufa wa mfupa unaonekana hata na kipofu. Mzee hakuipokea. "Hii haina sura, shemeji. Mfupa ni mfupa, hata wa mbuzi. Ile ina sura yako."

"Basi tazameni mguu wenyewe!" Nikapandisha kitenge. Wanaume wakageuza nyuso wakisema nawavunjia heshima.

Mzee akakohoa, akatoa hukumu. Alisema kama picha ni ya kweli, mimi sikuvunjika. Na kama nimeitengeneza, basi mimi ni mtu wa kutengeneza mambo, na ukoo hauwezi kumpa mikorosho mtu wa namna hiyo. Wakaitikia. Alijua. Yeye mwenyewe aliona mguu wangu ukining'inia pale kwenye benchi. Alitafuta mlango wa kutokea, na mlango niliutengeneza mimi na kuulipia.

Nikaenda polisi. Askari alikuwa mstaarabu, akanisomea maneno yangu ya mwanzo: pikipiki sikuitambua. "Mama, sasa umemkumbukaje?" Nikamweleza. Akaandika, akaniambia nisubiri kuitwa. Sijaitwa.

Msimu huu mpwa ndiye aliyeokota. Magunia yalipita mbele ya macho yangu kwenda ghalani.

Nilirudi studio. Yule kijana aliponiona ninavyochechemea akafungua kompyuta. Picha ya kwanza ilikuwemo, na magongo yake na mguu wake mweupe. Nikamwambia aisafishe kubwa kuliko ile. Ya visigino nimeishusha, nimeikalia. Nimeiweka chini ya mto wa kiti cha cherehani. Ukutani ipo ya plasta. Wateja wakija kupimwa wanaitazama, wanasema pole mama, ajali? Nawaambia hapana, siyo ajali, kisha namtaja, na mama yake, na mzee, kwa majina yao matatu matatu, huku nawapima kiuno.