Lundo la Justa Wakati wa Matanga

Watu wa Ilemela wakimwona Justa anasogea ufukweni na panga, husema, "Huyo anakwenda kwa mifugo yake." Mifugo yenyewe ni magugumaji. Upepo ukiyasukuma yakaziba ghuba, wavuvi hulaani, wachota maji hulaani, yeye anakunja gauni na kuingia. Mimi jirani yake nimemcheka mara nyingi, na mbolea anayoitengeneza kwa magugu hayo ndiyo inayokuza mchicha wangu. Ndivyo tulivyo binadamu.

Kazi yake haina siri, ila ina masharti. Gugu likitoka ziwani ni maji matupu, kwa hiyo huliacha linyauke kwanza. Halafu hulikatakata, akapanga tabaka la gugu, tabaka la samadi ya ng'ombe, tabaka la majani makavu, hadi lundo limfike kifuani. Lundo hilo hupata moto lenyewe. Justa huchomeka nondo katikati, akaiacha kidogo, akaichomoa na kuishika. Ikimuunguza hadi aiachie, anafurahi. Kisha huligeuza, ya nje yaingie ndani, kwa sababu kwenye ngozi ya lundo moto haufiki, na gugu lililokwisha kutoa maua lina mbegu ndogo kama vumbi. Mbegu isiyopata moto haifi.

Hilo alilijua tangu mwanzo. Lakini mumewe Shimba alipofariki, lundo lilikuwa limeanza kupata moto, na katika ukoo wa Shimba jembe halishikwi mpaka matanga yaishe. Uma wa kugeuzia nao ni jembe tu. Justa alikaa kwenye mkeka akalia, lundo likapoa. Baadaye akaligeuza mara moja, akaona limekuwa jeusi, linanukia udongo, akaliuza kwa Maige, mkulima wa Misungwi mwenye migomba kando ya lambo.

Mvua ziliposhuka, maji yakabeba mbolea hadi lamboni. Kiangazi maji yalipopungua, kwenye tope la ukingo vikaota vijani vidogo vya mviringo. Maige hakuvijua. Kijiji chote kinanywesha ng'ombe pale, na hakuna aliyevijua. Alimpigia Justa simu kumuuliza kama ni mboga.

Justa alifika siku ileile. Aliingia matopeni, akang'oa kimoja kimoja, akavianika mwambani vikauke kabisa. Akamwambia Maige wazi, "Kaka, haya ni magugumaji, yametoka kwangu. Mbegu zake hukaa topeni miaka na miaka. Nitakuwa nakuja." Na anakwenda hadi leo, kila maji yanapopungua. Maige naye hakuacha kununua mbolea yake. Mimi ningeacha, nasema kweli.

Mwaka huu akafariki mama mkwe wake. Na ilikuwa vilevile: lundo kubwa la magugu yenye maua, nondo ndiyo kwanza imeanza kumuunguza. Likipoa, hata uligeuze vipi haliwaki tena sawasawa; angelazimika kulifukia lote shimoni, msimu mzima upotee. Shemeji yake Yeremia, mkubwa wa familia, alikuwa amekaa penye wanaume. Justa alikaa na sisi wanawake, lakini macho yake yalikuwa ziwani. Nilimbana mkono. Nilijua angesimama, na nilijua akisimama watasema hakumpenda marehemu. Nao wangesema uongo, maana alimwogesha yule bibi miezi mingi kwa mikono yake.

Maige akaja kutoa pole. Akasalimia wazee, akatoa rambirambi, kisha akapita kwetu.

"Pole sana, dada. Lundo umeligeuza?"

"Tuna matanga, kaka."

Maige alivua koti, akalikunja, akanipa mimi nishike. Akachukua uma uliokuwa umeegemezwa ukutani, akashuka ufukweni. Yeremia akamfuata mbio, na sisi nyuma yake.

"Mzee, hapa kuna msiba!"

"Najua, nimekuja kuomboleza." Maige alishachoma uma, mvuke ukampiga usoni. "Lakini marehemu ni mama yenu. Mimi ni mgeni wa Misungwi, mwiko wa ukoo wenu haunifungi. Lambo langu liliwahi kuota magugu haya, na aliyeingia topeni kuyang'oa ni huyu mjane wa ndugu yako. Nifukuze ukitaka."

Yeremia alimtazama, akalitazama lundo, akamtazama Justa.

"Mpeni mgeni maji ya kunywa," akasema, akarudi kukaa.

Hapo ndipo Justa alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Wanawake wakamkumbatia wakimwambia mama amepumzika. Na nusu ya kilio kile kweli ilikuwa ya mama.