Pazia la Kitanda Kitupu

Hospitali moja hapa Mwanza iliniomba niandike skripti ya video ya kuvutia wauguzi wapya: siku moja ya kazi wodini. Wagonjwa hawapigwi picha bila ridhaa yao, basi nikampa muuguzi kitanda kitupu ajifanye anahudumia. Nilijua itakuwa kichekesho.

Kamera ilipowashwa, aliinamia mto. “Shikamoo, mama. Umeamkaje? Naomba nikuangalie kidonda.” Akangoja, kana kwamba anajibiwa. Kisha akavuta pazia kuzunguka kitanda, akatuacha nje na kamera yetu.

Mpiga picha alinitazama. Nyuma ya pazia, sauti ilikuwa inampa pole mtu asiyekuwepo. Nilipotaka kumwambia asimamishe kamera, nilijikuta ninanong'ona.