Bei ya Ukutani

Hadi sasa picha moja ya zamani imenigharimu sahani kumi na tisa za wali nyama kwa bei ya kale. Nimezihesabu mara mbili.

Hoteli yangu ndogo iko Lusahunga, malori yanapoegesha. Nilikuwa nimepanga picha za kumbukumbu zijitume zenyewe kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni kila Alhamisi. Maelezo yote niliyapitia, nikafuta bei na jina la mpishi aliyeondoka. Picha ya kwanza yenyewe sikuikuza niikague. Kumbe nyuma ya mpishi kulikuwa na ubao: wali nyama, elfu mbili na mia tano. Leo ni elfu tano.

Alhamisi ya kwanza, mchana, dereva mmoja akaninyooshea simu. "Mama, umeweka leo asubuhi."

"Hiyo ni kumbukumbu, baba."

"Kumbukumbu gani haina mwaka?"

"Basi toa elfu nne."

"Mimi nabishana na wewe, lakini picha haibishani. Tupakulie."

Wenzake walikuwa wameshakaa, na lori lake limeziba geti. Nikapakua. Kisha nikaifuta picha, nikasimamisha zilizokuwa zikingoja zamu. Nyingine nikazikata ubao, nyingine nikaziandika mwaka juu ya picha yenyewe, na ile ya soda tusiyouza tena nikaitoa.

Lakini ya kwanza ilishaingia kwenye kundi la madereva, na kila msafara unanionyesha. Nikikataa, wanavuka barabara kwa jirani. Nikikubali, napika kwa hasara. Wenzangu wenye hoteli, ninyi dereva wa namna hiyo mngemjibu nini?